Swichi nane na namba 77: kutoa au kugawanya kwa mbili?

Chukulia ukuta una swichi nane zilizopangwa kwa mstari, kila moja na taa yake juu. Mtu anakuambia, "Niandikie 77 kwa taa hizo." Utaanza kushika swichi ya kushoto kabisa au ya kulia kabisa?

Swali hilo ndilo linalotenganisha njia mbili za kugeuza namba ya kawaida kuwa namba ya binari, yaani inayoandikwa kwa 0 na 1 tu. Anayeanzia kushoto anatoa. Anayeanzia kulia anagawanya kwa mbili. Wasipokosea, wote wawili wataacha taa zilezile zikiwaka.

Nimefundisha kwa njia zote mbili na nimewaona watu wakikwama kwenye zote mbili, ila hawakwami mahali pamoja. Hapa naziweka sambamba kwa namba hiyohiyo 77, ili anayejifunza mwenyewe au anayetaka kumwelekeza mwenzake ajue aanze na ipi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na kutoa, kisha hamia kwenye kugawanya siku utakapoweza kueleza kwa nini inaleta jibu. Kuna wanaopaswa kufanya kinyume, na hao nitawafikia.

Ukuta wenyewe kwanza

Swichi moja ina hali mbili tu: taa inawaka au haiwaki. Tunapoandika, inayowaka ni 1 na isiyowaka ni 0. Epuka kusema swichi iko "juu" au iko "chini". Kuna nchi ambako taa huwashwa kwa kubonyeza swichi chini, na nyingine ambako huwashwa kwa kuiinua, na ubishi huo unaweza kula nusu ya somo. Sema inawaka, sema haiwaki.

Swichi moja inaweza kuonyesha 0 au 1, basi. Ukitaka 2 huna budi kuongeza swichi ya pili, na tunaiongeza upande wa kushoto. Je, hii mpya tuipe thamani gani? Tunaipa namba ya kwanza ambayo swichi zilizopo zimeshindwa kuifikia, yaani 2. Sasa tunazo mbili, na zote zikiwaka tunapata 3. Namba ya kwanza isiyofikika ni 4, kwa hiyo swichi ya tatu ni ya 4. Tatu zote zikiwaka ni 7, basi ya nne ni ya 8. Tukiendelea hivyo mpaka ya nane tunapata safu hii, ambayo huwa naiandika kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika chini ya swichi:

```
128   64   32   16   8   4   2   1
```

Wengi hufundishwa kwamba kila swichi ni mara mbili ya ile iliyo kulia kwake, kisha somo linaendelea. Ni kweli, lakini mwanafunzi anabaki na amri bila sababu. Sababu ni hiyo tuliyoipitia: kila swichi inazidi kwa moja tu jumla ya zote zilizo kulia kwake. 1 na 2 na 4 ni 7, inayofuata ni 8. Zote saba za kulia ni 127, inayofuata ni 128. Shika jambo hilo vizuri, kwa sababu njia ya kutoa imesimama juu yake.

Na si jambo geni. Namba zetu za kila siku zinafanya vivyo hivyo. Mamoja yakifika 9 hayana pa kwenda, tunafungua nafasi ya makumi. Tukifika 99 tunafungua mamia. Tofauti ni kwamba kila nafasi ya namba zetu ina hali kumi, kuanzia 0 hadi 9, wakati swichi ina mbili, ndiyo maana nafasi zinafunguka mapema na namba fupi inageuka kuwa safu ndefu.

Kuna mambo mawili humkwaza mtu mpya kabla hata ya hesabu. La kwanza, anachanganya nafasi ya swichi na thamani yake. Ya nne kutoka kulia si 4, ni 8. Karatasi zilizobandikwa zinaondoa tatizo hilo, kwa hiyo usiziondoe haraka. La pili liliulizwa na mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye akili ya kiufundi: "Sasa mwalimu, taa ya 128 mbona haiwaki kwa nguvu kuliko ya 1?" Swali zuri sana. Taa zote zinalingana mwanga. Thamani haimo ndani ya taa, imo katika mahali ilipowekwa. Ukiing'oa taa ya 128 na kuipachika pale pa 1, inakuwa ya 1.

Njia ya kutoa, kutoka kushoto

Tunasimama mbele ya swichi ya 128 tukiwa na 77 mkononi. Kwa kila swichi tunauliza swali moja tu: hii inaingia? Ikiingia tunaiwasha na kuitoa kwenye namba tuliyoshika. Isipoingia tunaiacha imezimwa na kusogea kulia.

128 haiingii kwenye 77, inabaki imezimwa. 64 inaingia, tunaiwasha, na mkononi tunabaki na 13. 32 haiingii kwenye 13, na 16 pia haiingii, zote mbili zinabaki zimezimwa. 8 inaingia, tunabaki na 5. 4 inaingia, tunabaki na 1. 2 haiingii. 1 inaingia, tunabaki na 0. Ukuta sasa unasomeka hivi:

```
128   64   32   16   8   4   2   1
  0    1    0    0   1   1   0   1
```

Ukitaka kuhakiki, jumlisha taa zinazowaka: 64 + 8 + 4 + 1 = 77.

Mtu makini atauliza kama kweli ni lazima tuwashe 64. Pengine tungeiruka na kuipata 77 kwa swichi ndogondogo? Jaribu. Ukiiruka 64, zilizobaki kulia kwake ni 32, 16, 8, 4, 2 na 1, na zote zikiwaka kwa pamoja zinatoa 63. Huwezi kufika 77. Kwa kuwa kila swichi inazidi kwa moja jumla ya zote za kulia kwake, swichi inayoingia ukiiruka hutaweza kuifidia. Ndiyo maana kila namba ina mpangilio mmoja tu wa taa, na ndiyo maana njia hii haina kubahatisha wala kurudi nyuma. Uzuri wake mkubwa uko hapo: mwanafunzi anaona sababu akiwa bado anabonyeza.

Makosa yake yanajulikana. La kawaida ni kuacha kuandika sifuri. Mtu anaona 64, 8, 4 na 1 zimewaka, anaandika 1111 na kufurahi. Lakini 1111 ni 8 + 4 + 2 + 1, yaani 15. Kosa jingine ni kusimama mapema. Mpe mtu 80: 128 haiingii, 64 inaingia anabaki na 16, 32 haiingii, 16 inaingia, anabaki na 0. Mkononi hana kitu, basi anaweka kalamu chini na kuandika 0101. Swichi nne za kulia hakuzigusa, lakini zipo ukutani na lazima ziandikwe: 01010000. Kinga ya makosa yote mawili ni ileile: chora visanduku vinane kabla hujaanza, na usitangaze jibu mpaka kila kisanduku kina 0 au 1.

Njia ya kugawanya, kutoka kulia

Hapa vipande vya karatasi havihitajiki. Unagawanya namba kwa 2, unaandika baki, unagawanya tena kilichopatikana, mpaka ufike 0.

```
77 / 2 = 38   baki 1
38 / 2 = 19   baki 0
19 / 2 =  9   baki 1
 9 / 2 =  4   baki 1
 4 / 2 =  2   baki 0
 2 / 2 =  1   baki 0
 1 / 2 =  0   baki 1
```

Baki zinasomwa kutoka chini kwenda juu: 1001101. Tumepata tarakimu saba, ukuta una swichi nane, kwa hiyo tunatanguliza sifuri moja kushoto: 01001101. Ndilo lile jibu la kutoa.

Njia hii ni ya haraka, na ndiyo inayopendwa na vitabu. Shida ni kwamba inafundishwa kama uganga. Kwa nini baki za kugawanya kwa mbili ziwe ndizo taa? Nimekutana na watu walioitumia kwa miaka bila kulijua hilo, na walipoisahau hawakuwa na pa kuanzia kuikumbuka.

Ukiutazama ukuta, jibu lipo. Kati ya swichi zote nane, ni moja tu yenye thamani ya witiri: ile ya 1, kulia kabisa. Nyingine zote, 2, 4, 8 mpaka 128, ni shufwa. Kwa hiyo namba ikiwa witiri, lazima taa ya kulia kabisa inawaka, hakuna nyingine inayoweza kuleta huo uwitiri. Namba ikiwa shufwa, taa hiyo haiwaki. Baki ya kugawanya kwa 2 inakuambia hilo tu: kama taa ya kulia kabisa inawaka au la.

77 ni witiri, kwa hiyo taa ya 1 inawaka. Tukiiondoa tunabaki na 76, ambayo nusu yake ni 38. Kupata nusu ni sawa na kuisogeza safu nzima hatua moja kulia: iliyokuwa ya 64 inakuwa ya 32, ya 8 inakuwa ya 4, ya 4 inakuwa ya 2, na ile iliyokuwa ya 2 sasa imekaa kulia kabisa, tayari kuulizwa swali lilelile. 38 ni shufwa, basi hiyo haiwaki. Unasogeza tena. Kugawanya ni kuuliza taa moja, kusogeza safu, kuuliza taa inayofuata. Mtu akiliona hilo mara moja, uganga unaisha.

Kosa kubwa la njia hii ni kusoma baki kutoka juu kwenda chini, jinsi macho yetu yalivyozoea. Ukisoma hivyo kwa 77 unapata 1011001, na hiyo ni 64 + 16 + 8 + 1 = 89. Mwanafunzi mmoja aliniletea 89 hiyo na akaitetea vikali, kwa sababu kila mgawanyo wake ulikuwa sahihi. Nilimwambia aangalie taa ya kulia kabisa, 77 ni witiri, taa inawaka, akasema, "Unaona?" Kipimo changu kiliniangusha mbele yake. Baadaye nilipokaa nikaelewa: baki ya mwisho kabisa daima ni 1, kwa hiyo anayesoma kinyume daima ataishia na 1 kulia, na namba yake daima itakuwa witiri. Kipimo cha witiri na shufwa kinamnasa tu kama namba aliyopewa ni shufwa. Angepewa 76, angesoma 0011001, ambayo ni 25, na taa ya kulia inayowaka ingemsaliti papo hapo. Tangu siku hiyo, ninapofundisha kugawanya, namba ya kwanza ninayotoa ni shufwa.

Dawa yenyewe ni rahisi kuliko onyo. Usiandike baki kwenye orodha kabisa. Chora visanduku vyako vinane, na kila baki inayopatikana itie moja kwa moja kwenye kisanduku, ukianza na cha kulia kabisa na kusogea kushoto. Kwa namna hiyo hakuna cha kusoma juu wala chini.

Zikipimwa pamoja

| | Kutoa | Kugawanya kwa 2 |
|---|---|---|
| Inaanzia | kushoto, swichi kubwa | kulia, swichi ya 1 |
| Unachopaswa kujua | thamani za swichi | kugawanya kwa 2 tu |
| Kosa la kawaida | kuruka sifuri | kusoma baki kinyume |
| Sababu inaonekana? | ndiyo, ukiwa unafanya | hapana, mpaka uelezwe |

Mstari wa pili wa jedwali ndio wenye uzito namba zinapokua. Mpe mtu 1000. Kwa kutoa lazima kwanza ajenge safu mpaka 512, maana 1024 imezidi, kisha atoe 512, 256, 128, 64, 32 na 8, mara nyingi akishika tarakimu tatu kichwani. Kwa kugawanya anashuka tu: 500, 250, 125, 62, 31, 15, 7, 3, 1, 0. Baki zake zinatoa 1111101000. Hatua ni kumi, lakini kila moja ni ya kupata nusu, na nusu watu wengi wanaipata kichwani. Kwa namba iliyozidi mia chache sioni sababu ya kumtesa mtu na kutoa.

Lakini kuna tofauti ambayo jedwali haliwezi kuibeba, nayo ni kile kinachotokea namba isipoenea ukutani. Swichi nane zote zikiwaka zinafika 255. Jaribu 300.

Kwa kutoa, kila swichi inaingia. 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, zote zinawashwa, ukuta mzima unang'aa, na mkononi umebaki na 45 isiyo na pa kwenda. Huwezi kukosa kuona kwamba kuna tatizo. Unahitaji swichi ya tisa.

Kwa kugawanya, kazi inakwenda bila kelele. Baki zinatoa 100101100, tarakimu tisa. Ukizijaza kwenye visanduku vinane kutoka kulia, ile 1 ya mwisho inakosa nafasi na kudondoka. Ukutani inabaki 00101100, yaani 32 + 8 + 4 = 44. Hakuna taa iliyokulalamikia, hakuna kilichobaki mkononi. 300 imegeuka 44, pungufu kwa 256 kamili, ambayo ndiyo thamani ya swichi ya tisa isiyokuwepo. Ndivyo kompyuta inavyokosea pia inapohifadhi namba katika biti nane tu, yaani swichi nane: haipigi kelele, inaacha kinachozidi kidondoke. Kwa sababu hii peke yake ningemtaka kila anayeanza apitie 300 kwa njia zote mbili.

Na kuhesabu moja moja?

Wapo wanaoanza na njia ya tatu: kuhesabu ukutani kutoka 0. Kanuni yake ni fupi. Ili kuongeza moja, anza kulia kabisa. Swichi iliyowashwa izime na usogee kushoto. Ukifika kwenye iliyozimwa, iwashe na usimame. Kutoka 77 kwenda 78: ya 1 inawaka, izime, ya 2 haiwaki, iwashe, simama. Unapata 01001110.

Ni nzuri kwa dakika tano za mwanzo, mtu aone kwa macho yake jinsi taa ya kulia inavyowaka na kuzima kila hatua, ya pili kila hatua mbili, ya tatu kila hatua nne. Lakini haikusaidii kuipata 77. Ukianza na swichi zote zimezimwa, kufika 77 kwa kuhesabu kunahitaji mibonyezo 150. Ukitaka kujua imetoka wapi: taa ya 1 inabonyezwa mara 77, ya 2 mara 38, ya 4 mara 19, kisha 9, 4, 2 na 1. Hizo ndizo namba zilezile zilizojipanga upande wa kushoto wa hesabu yetu ya kugawanya, kila moja ikiwa nusu ya iliyotangulia na baki ikiachwa.

Namba hizo zinajitokeza mahali pa tatu, na hapa zina faida. Ukitaka kusoma taa bila kukumbuka thamani zake, anzia kushoto, na kwa kila taa fanya hivi: zidisha ulichonacho kwa 2, ongeza 1 kama taa inawaka. Kwa 1001101 unapata 1, 2, 4, 9, 19, 38, 77. Ni ngazi ya kugawanya ikipandwa kutoka chini. Aliyegawanya anaweza kuhakiki jibu lake hivyo bila karatasi za ukutani, na aliyesoma baki kinyume atanaswa, namba iwe witiri au shufwa, isipokuwa taa zake zikiwa zinasomeka sawa kutoka pande zote mbili, na hapo hana kosa la kunaswa.

Nani achague ipi

Kama hujawahi kukutana na binari kabisa, au unamfundisha mtu wa namna hiyo, chukua kutoa, namba zisizozidi 255, na karatasi zibaki zimebandikwa. Fanya namba kumi hivi mpaka swali "hii inaingia?" lijiulize lenyewe.

Kama kazi yako ni mitandao, baki na kutoa hata ukishakomaa. Kila sehemu ya anwani kama `192.168.1.1` ni ukuta wa swichi nane, haizidi 255 kamwe, na thamani nane utazikariri bila kutaka. 192 ni 128 na 64, basi ni 11000000. 168 ni 128, 32 na 8, basi ni 10101000. Kugawanya mara nane kwa jambo kama hilo ni kupoteza muda.

Kama unajifunza kuandika programu, hapa ndipo nageuza ushauri: nenda kwenye kugawanya mapema, hata wiki ya kwanza. Kuieleza kompyuta njia ya kutoa kunakulazimu kwanza utafute swichi kubwa ya kuanzia. Kugawanya hakuna swali hilo. Kwa Python ni hivi:

```
def binari(n):
    taa = ""
    while n > 0:
        taa = str(n % 2) + taa
        n = n // 2
    return taa
```

Alama ya `%` inatoa baki, na `//` inagawanya na kutupa baki. Tazama mstari wa nne: baki mpya inawekwa kushoto kwa zilizotangulia, ile dawa yetu ya kujaza visanduku kutoka kulia. Ukiugeuza uwe `taa + str(n % 2)`, programu itakuletea 1011001, yaani 89 ya yule mwanafunzi wangu, bila ujumbe wowote wa kosa. Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo nimeiacha makusudi: `binari(0)` inarudisha mstari mtupu, kwa sababu mzunguko hauanzi kabisa. Ukutani 0 ni taa zote kuzimwa. Kwenye programu lazima uiandikie kanuni yake. Na ukitaka kulinganisha jibu lako, andika `format(77, "08b")`, utapata `01001101` ikiwa na ile sifuri ya mbele.

Kuna mtu mmoja zaidi, yule anayetaka tu kuelewa kinachoendelea ndani ya mashine na hatageuza namba yoyote baada ya leo. Huyo hahitaji kuchagua. Mpe 77 afanye kwa kutoa mara moja, kisha mweleze kwamba swichi hizi hazikuwa mfano tu. Kompyuta ya Altair 8800 iliyotoka mwaka 1975 ilikuwa na safu ya swichi za kweli usoni, na mwenye nayo aliweza kuingiza programu kwa kuzipandisha na kuzishusha, baiti moja, yaani biti nane, baada ya nyingine, huku taa ndogo zikimwonyesha kilichomo.

Halafu mwonyeshe kwamba katika orodha ya ASCII, inayoipa kila herufi namba yake, 77 ni M kubwa. Mwambie awashe swichi ya 32, ile moja tu, asiguse nyingine. Ukuta unakuwa 01101101, namba inakuwa 109, na M kubwa imekuwa m ndogo.